Nani Aliletwa na Tangazo?

Tarehe 2 Februari 2022, Dave Wehner, mkuu wa fedha wa kampuni ya Meta wakati huo, aliwaambia wawekezaji kwamba mabadiliko yaliyofanywa na Apple kwenye simu za iPhone yangeipunguzia Meta mapato ya kiasi cha dola bilioni 10 kwa mwaka huo. Kesho yake hisa za kampuni hiyo, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, zilishuka kwa asilimia 26. Thamani yake sokoni ikapungua kwa zaidi ya dola bilioni 230 ndani ya siku moja. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini hii ya Apple ilitajwa waziwazi, na chanzo chake kilikuwa swali fupi linalojitokeza kwenye kioo cha simu.

Swali hilo lilianza kuonekana Aprili 26, 2021, toleo la iOS 14.5 lilipotoka. Kila programu inayotaka kumfuatilia mtu kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine hulazimika kumwomba ruhusa kwanza. Mwenye simu huwekewa vitufe viwili, “Ask App Not to Track” cha kukataa na “Allow” cha kukubali. Watu wengi walikataa.

Ili kuelewa kilichopotea, inafaa kuanza na namba. Kila iPhone ina namba yake ya utambulisho wa matangazo, ambayo mafundi huiita IDFA. Kabla ya iOS 14.5, programu ziliisoma bila kumuuliza mtu, isipokuwa yule aliyejua pa kuizimia kwenye mipangilio. Mtu alipoona tangazo la viatu ndani ya Instagram, kisha akavinunua kupitia programu ya duka, Instagram na duka walisoma namba ileile. Meta ililinganisha orodha mbili na kusema kwa uhakika kwamba huyu aliyenunua ndiye aliyeona tangazo. Leo mtu akikataa, programu inayoomba namba hiyo hupewa sifuri tupu: `00000000-0000-0000-0000-000000000000`. Waliokataa wote hupata sifuri hizohizo, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha.

Hasara ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kuhesabu, kwa kuwa mwenye tangazo hakujua tena mauzo mangapi yalitokana na fedha zake. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Mitambo ya matangazo hujifunza kutokana na mauzo. Ikishajua watu 50 walionunua, hutafuta wengine wanaofanana nao na kuwaonyesha tangazo. Isipojua nani amenunua, hulisambaza tangazo kwa kubahatisha, na gharama ya kumpata mteja mmoja hupanda. Ndiyo maana Desemba 2020, miezi kadhaa kabla ya swali hilo kufika kwenye simu, Facebook ilinunua kurasa nzima za magazeti makubwa ya Marekani kuipinga Apple, ikidai kwamba watakaoumia ni wafanyabiashara wadogo.

Apple haikuanzia hapo. Kivinjari chake cha Safari kilikuwa kimekwisha kuzuia vidakuzi vya kampuni za nje mnamo Machi 2020, yaani yale mafaili madogo yanayoachwa kwenye kivinjari ili mtu atambulike akihamia tovuti nyingine. Upande wa Android, tangu mwishoni mwa 2021 mwenye simu anaweza kuifuta kabisa namba yake ya matangazo kwenye mipangilio, ila hakuna swali linalomjia. Asiyeitafuta sehemu hiyo hubaki na namba yake.

Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha mahali ambapo jambo hili linaigusa Afrika Mashariki. Muuzaji wa Kariakoo au Gikomba ambaye wateja wake wengi wanatumia Android hakutikiswa sana. Aliyetikiswa ni yule anayetangaza kwa watu wa nje wenye iPhone: hoteli ya Zanzibar, kampuni ya kupandisha watu Kilimanjaro, wakala wa safari za Serengeti na Maasai Mara. Wateja wao wako Marekani na Ulaya, hukaa muda mrefu wakitafakari, na hulipa maelfu ya dola kwa safari moja. Kwa biashara ya namna hiyo, mteja mmoja asiyejulikana alikotoka ni jambo kubwa.

Chukua mfano wa kampuni ya utalii ya Arusha inayotangaza Instagram kwa Wamarekani. Mwalimu mmoja wa Chicago anaona video ya nyumbu wakivuka mto na kubofya. Tovuti ya kampuni inamfungukia ndani ya Instagram yenyewe. Anasoma bei, anaangalia picha za kambi, anafunga. Siku nne baadaye, akiwa na mumewe mezani, anafungua Safari kwenye simu yake, anaandika jina la kampuni, na kujaza fomu ya kuomba bei ya safari ya watu wawili.

Kwa njia ya zamani, kazi ya kuunganisha matukio haya mawili ilifanywa na pikseli, kipande kifupi cha msimbo kilichowekwa kwenye tovuti ya kampuni. Mteja anapobofya tangazo la Meta, kiungo hubandikwa mkia unaoanza na `fbclid`, na pikseli huuhifadhi mkia huo kwenye kidakuzi. Tatizo la mwalimu wetu ni kwamba kidakuzi kiliachwa kwenye kivinjari cha ndani ya Instagram, naye amerudi kupitia Safari. Hata kama angebofya akiwa Safari yenyewe, kidakuzi cha namna hiyo, kilichotokana na kiungo chenye mkia wa kufuatilia, Safari hukifuta baada ya saa 24. Pikseli inaona mgeni asiye na historia. Fomu imejazwa, kampuni imefurahi, lakini Instagram haijui kama ilihusika.

Hapo ndipo inapoingia njia ya seva. Badala ya kuitegemea simu ya mteja itoe taarifa, kampuni huzituma yenyewe kutoka kwenye kompyuta inayoendesha tovuti yake moja kwa moja hadi kwenye kompyuta za Meta. Meta huiita njia hiyo Conversions API, na Google, TikTok na wengineo wana za kwao zinazofanana nayo. Mwalimu akishajaza fomu, seva ya Arusha hutuma ujumbe kama huu:

```
{
  "event_name": "Lead",
  "event_time": 1767258000,
  "event_id": "ombi-4817",
  "action_source": "website",
  "user_data": {
    "em": ["9f2c...e1"],
    "client_ip_address": "203.0.113.25",
    "client_user_agent": "Mozilla/5.0 ..."
  }
}
```

Kitu muhimu kuliko vyote humo ni `em`. Hiyo ni barua pepe aliyoiandika mwalimu kwenye fomu, ikiwa imefumbwa kwa hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hugeuza maandishi yoyote kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Kila barua pepe hutoa mfululizo wake, na ileile ikifumbwa mara elfu hutoa jibu lilelile. Meta nayo imezifumba barua pepe za watumiaji wake kwa hesabu hiyohiyo. Kama mwalimu alijisajili Instagram kwa barua pepe aliyoiandika kwenye fomu, mifululizo miwili inafanana, na mnyororo uliokatika kwenye simu unaunganishwa upya nyuma ya pazia.

Kazi hii inaharibika kwa urahisi, na mara nyingi hakuna kengele inayolia. Kufumba hakusamehe hata nukta. Barua pepe ikianza kwa herufi kubwa, au ikiachwa na nafasi mwishoni, mfululizo wote unabadilika na hakuna kinacholingana. Kwa hiyo seva inatakiwa kwanza igeuze herufi zote kuwa ndogo na kuondoa nafasi. Namba ya simu nayo lazima iwe tarakimu tupu zenye namba ya nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele, kwa mtindo wa 255 kisha tarakimu tisa. Meta huonyesha alama ya ubora wa ulinganisho, kati ya 0 na 10, kwa jina la Event Match Quality. Alama ikiporomoka ghafla baada ya fundi kubadilisha fomu, hapo ndipo pa kuanza kutafuta kosa.

Kosa la pili ni kuhesabu mara mbili. Kampuni nyingi huiacha pikseli ikiendelea kufanya kazi pamoja na seva, na huo ndio ushauri wa Meta yenyewe. Ombi moja basi hufika kwa njia mbili. Ili lihesabiwe mara moja tu, ujumbe wa pikseli na wa seva lazima ubebe `event_name` moja na `event_id` moja, na ufike ndani ya saa 48. Fundi akiacha kila upande ujitungie namba yake, ripoti itaonyesha maombi 62 wakati sanduku la barua pepe la kampuni lina 31. Mwenye kampuni anayesoma ripoti bila kufungua sanduku ataongeza bajeti akidhani mambo yamenyooka.

Upungufu wa tatu hauwezi kurekebishwa na fundi, kwa sababu unatokana na muda. Tangu mwanzoni mwa 2021, Meta imepunguza dirisha lake la kawaida la kuhesabu kutoka siku 28 baada ya kubofya hadi siku 7. Mwalimu alijaza fomu siku ya nne, kwa hiyo ombi lake limo. Lakini amana ya safari ataituma kwa benki siku ya 25, baada ya kuulizia likizo, kujadili bei na kubadilisha tarehe mara mbili. Seva ya Arusha inaweza kuituma taarifa ya amana hiyo bila kosa lolote, na bado tangazo lisipewe sifa yake.

Wenye uzoefu na biashara za namna hii hawamfundishi mtambo kwa kutumia amana. Huchagua tukio lililo karibu zaidi na mbofyo. Siku ya tano, mfanyakazi wa mauzo akisoma ombi na kuona lina tarehe, idadi ya watu na bajeti inayoeleweka, anabonyeza alama kwenye mfumo wao, na seva inatuma tukio la pili lenye maana ya mteja wa kweli. Tukio hilo lina thamani kuliko fomu tupu, ambayo hata mtoto anayechezea simu anaweza kuituma, na bado limo ndani ya siku saba.

Pamoja na yote hayo, wapo wateja ambao hawataunganishwa kwa njia yoyote. Mmoja alitumia barua pepe ya kazini kwenye fomu na ya nyumbani Instagram. Mwingine alikataa kufuatiliwa, na kwa watu wa iPhone waliokataa Meta ina utaratibu wa kuchakata matukio kwa mkupuo badala ya mtu mmoja mmoja. Mwingine alikataa vidakuzi kwenye tovuti. Pengo hilo ndilo linalojazwa kwa makadirio.

Makadirio hayo hufanywa hivi, kwa namba za mfano. Wiki moja tangazo la kampuni ya Arusha limebofywa mara 4,000. Mibofyo 2,500 inafuatilika, na katika hiyo zimepatikana fomu 50, yaani asilimia 2. Mibofyo 1,500 haifuatiliki. Mtambo ukidhani kwamba kundi la pili lina tabia ya kundi la kwanza, utasema limeleta fomu 30, na ripoti itaandika 80. Mitambo halisi haiishii kwenye wastani mmoja. Hugawanya watu kwa nchi, aina ya simu, saa na tangazo walilobofya, kisha hukadiria kila kundi peke yake. Hata hivyo msingi ni uleule, kwamba wasioonekana wanafanana na wanaoonekana walio karibu nao.

Dhana hiyo inaweza kukosea pande zote mbili. Ikiwa waliokataa kufuatiliwa ni watu wa kipato kikubwa wanaosafiri zaidi, huenda kiwango chao ni asilimia 3, na fomu za kweli ni 45 badala ya 30. Ikiwa ni watu waangalifu wasiopenda kutoa barua pepe zao ovyo, huenda ni 15. Ripoti haionyeshi tofauti hii. Inaandika 80 kwa wino uleule iliotumia kuandika 50, na mfanyabiashara mdogo anayeona namba kamili hudhani imehesabiwa.

Uchache wa data nao ni tatizo. Google hukadiria mauzo ya waliokataa vidakuzi pale tu tovuti inapopata mibofyo ya matangazo isiyopungua 700 ndani ya siku saba, kwa kila nchi. Kampuni inayopata mibofyo 300 kutoka Ujerumani haitakadiriwa chochote huko. Pengo litabaki wazi. Kwa hiyo ripoti za nchi mbili za kampuni moja zinaweza kuwa zimetengenezwa kwa njia tofauti, na kuzilinganisha moja kwa moja ni kujidanganya.

Njia ya kujua ukweli ipo, na ni ya zamani kuliko simu: kuzima tangazo mahali pamoja na kuliacha mahali pengine. Mwezi Machi 2012 eBay iliacha kununua matangazo ya jina lake lenyewe kwenye injini za utafutaji za Yahoo na MSN. Ripoti zilikuwa zikionyesha kwamba matangazo hayo yanaleta watu wengi. Yalipozimwa, karibu watu wote walifika vilevile kupitia matokeo ya bure, kwa sababu aliyeandika jina la eBay alikuwa tayari anakwenda huko. Watafiti Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis waliuchapisha utafiti huo mwaka 2015 katika jarida la Econometrica.

Kampuni ya Arusha inaweza kufanya hivyo bila mtaalamu wa takwimu. Inagawa majimbo ya Marekani katika makundi mawili ambayo, kwa mujibu wa daftari lake la miezi iliyopita, kila moja huleta maombi yapatayo 60 kwa wiki nne. Inazima tangazo kwenye kundi moja kwa wiki nne. Tuseme kundi lililoachiwa tangazo limeleta maombi 61 na lililozimiwa 42. Tangazo basi lilileta takriban maombi 19. Kama ripoti ya Meta inalipa tangazo sifa ya maombi 27 katika kundi hilo, manane yangekuja hata bila tangazo. Daftari hapa ni la maombi yote, yaliyofuatilika na yasiyofuatilika, kwa hiyo kitufe cha kukataa hakivurugi jibu, na hakuna mtu yeyote anayehitaji kufuatiliwa.

Tahadhari yake ni kwamba namba ndogo hupanda na kushuka kwa bahati tu. Kundi la maombi 60 linaweza kuleta 52 au 68 bila sababu yoyote. Tofauti ya 19 ni dalili nzuri lakini si ushahidi wa mwisho. Baada ya hapo makundi hubadilishana, lililozimwa linawashwa na lililowashwa linazimwa, na matokeo ya mara mbili husomwa pamoja.

Linabaki suala la mwalimu wa Chicago, ambaye labda alibonyeza kitufe cha kukataa akiamini mambo yameishia hapo. Kanuni ya Apple ni kali kwa programu: mtu akikataa, programu hairuhusiwi kumfuatilia kwa kutumia hata barua pepe iliyofumbwa. Lakini kanuni hiyo inazihusu programu. Tovuti iliyofunguliwa kwenye Safari, na seva inayotuma taarifa zake usiku kutoka Arusha, haziulizi lile swali la simu. Uamuzi wa kutuma au kutotuma umehama kutoka kwa mwenye simu kwenda kwa mwenye tovuti.

Wala kufumba hakuigeuzi taarifa kuwa ya siri, hasa namba ya simu. Namba za mkononi za Tanzania, baada ya 255, zina tarakimu tisa zinazoanza na 6 au 7, kwa hiyo zote kwa pamoja haziwezi kuzidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzifumba zote kwa dakika chache na kutengeneza orodha ya kusoma kinyumenyume. Mwezi Julai 2024, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani, FTC, ilizionya kampuni wazi kwamba taarifa iliyofumbwa kwa njia hii bado inaweza kumtambulisha mtu.

Sheria za huku zinakubaliana na mtazamo huo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinagusa pia taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Kampuni ya Arusha inayotaka kwenda sawa inaandika chini ya fomu, kwa lugha nyepesi, kwamba barua pepe itatumika kujibu ombi na pia kupima matangazo ya Meta, na inamwekea mteja kisanduku cha kukubali kisichokuwa kimetiwa alama tayari. Asiyekitia alama hujibiwa bei yake kama kawaida, na seva haitumi chochote kumhusu.

Mwenye akaunti ya Facebook au Instagram naye ana mahali pa kuangalia. Ndani ya mipangilio ya akaunti kuna ukurasa wa “Your activity off Meta technologies”, unaoorodhesha majina ya biashara zilizotuma taarifa zake, iwe kwa pikseli au kwa seva. Anaweza kufuta historia hiyo na kuzuia taarifa zijazo zisiunganishwe na akaunti yake. Meta itaendelea kuzipokea kutoka kwa biashara hizo, na idadi ya matangazo anayoonyeshwa haitapungua. Kinachokatika ni uhusiano kati ya fomu aliyoijaza Safari na jina lake Instagram, na siku hiyo mtambo utamweka katika lile kundi la watu wanaokadiriwa.